Msiwasimamishe mstarini: barua ya wazi kuhusu wanafunzi wanaobeti

Kwa: Katibu Mkuu, TAMISEMI, maafisa elimu sekondari wa mikoa na halmashauri, wakuu wa shule na wajumbe wa bodi za shule.
Nakala: Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.

Ndugu viongozi,

Ninafundisha hisabati katika sekondari ya kata, shule ya kutwa, na ni mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu. Asubuhi ya kufuata usiku wa mechi za Ulaya naijua kabla sijafungua mdomo. Wapo wanaosinzia, maana mechi zimeisha kuelekea saa saba usiku. Wapo wawili watatu ambao hawajasinzia hata kidogo, wanaomba ruhusa ya chooni kipindi cha kwanza, na wakirudi nyuso zao zimebadilika. Mwaka wa kwanza nilidhani ni tumbo.

Nawaandikia kwa sababu sisi walimu tumeachiwa jambo hili tulishughulikie kila mtu kwa akili yake, na akili iliyo karibu zaidi ni fimbo na mstari wa asubuhi. Nimeshuhudia njia hiyo ikitumika, na nimejaribu nyingine. Naomba mtusaidie kuifanya hiyo nyingine iwe utaratibu wa shule, isibaki huruma ya mwalimu mmoja.

Naanza na ile ya kwanza. Katika shule niliyofundisha zamani, wavulana sita walikamatwa na simu wakibeti nyuma ya jengo la maabara. Kesho yake walisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima. Simu zilivunjwa kwa nyundo, kila mmoja akatajwa kuwa mcheza kamari, viboko vikafuata bila hesabu. Nami nilikuwa nimesimama pale na walimu wenzangu, sikusema neno.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya niandike. Mmoja kati ya wale sita hakurudi shule wiki iliyofuata, wala iliyofuata tena. Tulisema ana kiburi. Ilichukua karibu mwezi kujua, kupitia kwa wenzake, kwamba alikuwa anadaiwa na wanafunzi tisa na mwenye duka mmoja, na kwamba simu iliyovunjwa ilikuwa ya kaka yake anayeendesha bodaboda. Tulikuwa tumemwongezea deni. Na siku ile mstarini hakuna mwalimu hata mmoja aliyemuuliza, "Unadaiwa shilingi ngapi?"

Kubeti nako hakukukoma, kulibadilika umbo tu. Badala ya simu sita ikabaki simu moja, ya kijana mmoja mwerevu ambaye hakuwemo katika wale sita. Wenzake walimletea vikaratasi asubuhi, na hela mia mbili mbili au jero. Yeye ndiye aliyesuka mikeka, yaani kupanga mechi za kubetia pamoja, akiwa nyumbani, na kwa kila mkeka alikata chake. Tulikuwa tumewatengenezea wakala. Msako wa simu haukumkuta na kitu, kwa kuwa simu haikuingia getini kabisa.

Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu kwamba simu ni dalili dhaifu. Mtoto anaweza kuwa na simu asibeti, na anaweza kubeti mwaka mzima asiguse simu shuleni. Dalili nzito iko kwenye hela. Kikokotozi kilichonunuliwa Januari kimeuzwa Machi. Mtoto aliyekuwa anakula mchana sasa anasema hasikii njaa. Madeni madogo madogo yanazunguka darasani, na wanaodai wanamkwepa mwalimu kwa kuwa nao wana yao. Kuna na dalili ya upande wa pili ambayo huwa tunaipita tukicheka: yule aliyewanunulia wenzake chipsi mayai wote siku moja. Mkeka wake umetiki. Mtoto aliyeshinda mapema ana hatari yake, kwa sababu sasa anao ushahidi mfukoni kwamba inawezekana.

Vikaratasi navyo vinasomeka ukishajua. Vifupisho vya timu, pembeni 1, X au 2, au GG, au "ov 2.5". Moja ni ushindi wa mwenyeji, X ni sare, mbili ni ushindi wa mgeni, GG ni timu zote kufungana, na ile ya mwisho ni magoli matatu au zaidi. Mwalimu asiyejua atadhani ni zoezi la seti.

Sasa niwaeleze kisa cha pili, kwa undani, kwa kuwa ndicho ninachokiombea utaratibu. Nimebadilisha mambo madogo ili kijana asitambulike.

Mwalimu wa chakula alinipa majina manne ya wanafunzi wangu ambao hawajalipa mchango. Wawili kati ya wazazi hao nawafahamu, na si watu wa kuchelewa. Nilipowauliza, kwa njia ya kuuliza tu, wote walisema wameshatoa. Hela zilikusanywa na kiranja wa chakula wa darasa, kijana mpole, wa kwanza kunyoosha mkono kwenye hisabati. Siku mbili baadaye niliokota kikaratasi chini ya dawati lake.

Sikumpekua. Sikumwita kwa jina mbele ya darasa. Nilisubiri Ijumaa, nikamwambia anibebee madaftari ya mazoezi hadi ofisini, kazi anayoifanya kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kutazama. Ofisi yetu ina walimu saba, haifai kwa maongezi ya namna hiyo. Tulikaa kwenye benchi chini ya mwembe, mahali tunapoonekana na wote lakini hatusikiki. Hilo nalisisitiza. Faragha ya mwalimu na mwanafunzi haina maana ya kufunga mlango.

Nilikuwa nimeifikiria sentensi ya kwanza usiku kucha. "Unabeti?" ni swali linaloomba uongo. Nilimwambia hivi: "Nimeokota mkeka wako. Sijakuita kwa ajili ya adhabu leo. Nataka kujua unadaiwa kiasi gani, na nani anadai."

Akacheka kidogo. "Ni kidogo tu, mwalimu."

"Kidogo gani?"

Akanyamaza. Nikampa kalamu na karatasi, nikamwachia dakika kama kumi nikisahihisha madaftari. Karatasi iliporudi ilikuwa na majina, na jumla yake ni 47,000. Kati ya hizo, 31,000 ni hela ya chakula ya wenzake wanne, na 16,000 ni ya marafiki na duka. Akasema alichukua ya chakula ili airudishe ile ya marafiki, akiamini Jumamosi moja nzuri ingelipa zote. "Mwalimu, timu moja tu ilinichania. Wiki tatu mfululizo, timu moja tu."

Hapo nilimuuliza swali ambalo wengi wetu tunaliogopa: je, katika siku hizi amewahi kuwaza kujidhuru? Kumuuliza mtoto waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango. Alisema hapana, ila amewahi kuwaza kutoroka nyumbani. Angesema ndiyo, mambo mengine yote yangesubiri: asingeachwa peke yake, mzazi angeitwa saa ileile, na safari ingekuwa ya hospitali. Namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na ingefaa iwe imebandikwa kwenye kila ubao wa matangazo wa shule zetu.

Kisha nikamweleza nani atajua nini. Sikumuahidi siri, kwa kuwa nisingeweza kuitunza. Nilimwambia mkuu wa shule atajua, mwalimu wa chakula atajua kiasi, na mama yake lazima ajue, lakini yeye ndiye atakayemwambia, Jumapili, na mimi nitafika Jumatatu jioni. Darasa halitajua. Akauliza mara mbili, "Hata mstarini?" Nikamwambia hata mstarini.

Mama yake anauza dagaa. Nilipofika, shikamoo na nyingine zikiisha, aliniambia jambo ambalo lilikuwa limenipita: akaunti ya kubetia ilikuwa kwa laini yake yeye. Tangu mwaka 2020 laini zote zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za kampuni, anayebeti ni mama mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Mtoto anaijua namba ya siri kwa sababu ndiye anayemsomea mama meseji na kumtolea hela kwa wakala. Jioni ileile namba ya siri ilibadilishwa. Naomba niseme wazi kwamba hatua hiyo moja, iliyochukua dakika mbili, ilifanya kazi kuliko misako yote niliyowahi kushiriki.

Deni tuliligawa. Hela ya chakula mama aliirudisha kwa mafungu mawili, moja kwa moja kwa mwalimu wa chakula. Zile 16,000 tulikubaliana kijana azilipe mwenyewe, 2,000 kila wiki kwa wiki nane, kwa kumsaidia mjomba wake kwenye karakana ya baiskeli siku za Jumamosi. Jumamosi haikuchaguliwa kwa bahati. Ndiyo siku ya mikeka.

Kuhusu ukiranja, ningemwondoa peke yake darasa lingejua siku hiyohiyo. Mkuu wa shule, kwa busara yake, aliondoa ukusanyaji wa hela mikononi mwa viranja wote wa shule, kila mzazi akaanza kulipa kwa mwalimu na kupewa stakabadhi. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Na tujiulize ukweli, tulikuwa tunamtafutia nini mtoto wa miaka kumi na sita kukaa na hela za darasa zima mfukoni?

Wiki ya tano alibeti tena, buku moja, kwa simu ya rafiki. Alikuja kuniambia mwenyewe. Sikufurahi, lakini nilielewa kwamba kule kuja ndiko tulikokuwa tunakujenga. Tuliongeza wiki moja kwenye malipo, tukaendelea. Nisiwadanganye pia: kijana mwingine niliyemwita kwa njia hiyohiyo alikana kila kitu, na hadi anahama shule sikuwahi kujua ukweli.

Ile kauli ya "timu moja tu" ilinikaa kichwani, nikaipeleka darasani bila kumtaja mtu. Uwezekano ni mada ambayo tumezoea kuifundisha kidato cha nne, lakini niliivuta mbele kipindi kimoja. Niliandika ubaoni mkeka wa mechi kumi, kila moja odi 1.5, yaani ukipatia hela yako inazidishwa kwa 1.5. Odi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo 1.5 kwa kipeo cha kumi inafika karibu 57.7, na jero inaahidi 28,800 na kidogo. Darasa zima likaguna kwa utamu.

Kisha tukatafuta uwezekano. Odi 1.5 ingekuwa ya haki kama timu inashinda mara mbili katika kila tatu. Kampuni haitoi odi ya haki, inakata chake. Tukasema inakata 5 katika kila 100, ili tupate namba ya kufanyia kazi. Uwezekano halisi wa kila mechi unakuwa kama 63 katika 100. Zidisha huo wenyewe kwa wenyewe kwa mechi zote kumi, unabaki na 1 katika 100, hivi. Makato ya 5 kwenye mechi moja yanaonekana madogo, lakini kwenye mkeka wa kumi nayo yanazidishwa, na mwisho kampuni inabaki na karibu 40 katika kila 100.

Nikawauliza: je, uwezekano wa kukosa kwa timu moja tu ni upi? Walidhani ni sawa na wa kushinda. Tukapiga hesabu: ni 6 katika 100. Maana yake, ukisuka mikeka mia moja ya jero, umetoa 50,000. Kwa wastani utapata mkeka mmoja uliotiki, 28,800, na mingine sita itakayochanika kwa timu moja. Kwa kila ushindi mmoja, mara sita utaambiwa "ulikaribia". Huyo aliyekosa kwa timu moja wiki tatu mfululizo anajiona anakaribia, kumbe mkeka mrefu ndivyo ulivyoumbwa. Nyuma kabisa ya darasa kijana wangu aliweka kalamu chini, akaitazama ile 6 muda mrefu.

Hesabu hii haifiki kwenye kale kandege ka kwenye simu, kanakopanda huku namba ikiongezeka na kuanguka wakati wowote. Pale mzunguko mmoja unaisha ndani ya dakika, hakuna kusubiri Jumamosi, na mtoto anaweza kumaliza hela ya wiki katika ruhusa moja ya chooni. Mwalimu akisikia watoto wanaongelea kandege badala ya timu, aharakishe.

Sasa maombi yangu.

Kwenu TAMISEMI na maafisa elimu: tupeni waraka unaotenganisha mambo matatu ambayo leo tunayapiga kwa fimbo moja. Kuleta simu ni kosa la kanuni za shule, na adhabu yake iwe ya simu. Kuchukua hela ya mtu ni kosa, na irudishwe. Lakini kushindwa kuacha kubeti si kosa la aina hiyo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu 2022, inaliweka tatizo hilo pamoja na uraibu mwingine, na mtoto mwenye hali hiyo apelekwe kwanza kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, ndipo kamati ya nidhamu ikae ikiwa bado kuna haja. Waraka ukataze kwa maneno ya wazi kumtaja mtoto mstarini na kuvunja simu ambayo shule haijui ni ya nani. Kuhusu viboko, kanuni za 2002 tayari zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Yale niliyoyaona mstarini hayakuandikwa popote.

Mwalimu wa unasihi naye apunguziwe vipindi. Wa kwetu ana vipindi ishirini na nane kwa wiki, na unasihi anaufanya akitembea kutoka darasa hadi darasa.

Kwenu bodi za shule: ondoeni hela mikononi mwa wanafunzi. Na kwenye kikao cha wazazi, badala ya kuwasomea majina, waambieni wabadilishe namba zao za siri wote kwa pamoja, palepale ukumbini. Asiye na mtoto anayebeti hatapoteza kitu.

Kwenu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha: umri unakaguliwa siku ya kusajili laini, baada ya hapo hakuna anayeuliza. Tunaomba njia rahisi ya mzazi kufunga laini yake isiweze kabisa kufungua akaunti ya kubeti, kwa kupiga namba fupi, kwa Kiswahili, bila kwenda ofisini. Mama muuza dagaa hana siku ya kupanga foleni.

Na kwetu walimu, kwa sababu mtu atauliza: ndiyo, nami nimebeti. Ofisini kwetu Jumamosi mikeka inalinganishwa waziwazi, na watoto wanaoleta madaftari wanasikia. Nimeacha kuongelea yangu pale, na sasa sina ya kuongelea.

Utaratibu tulioutumia nimeuandika kwenye ukurasa mmoja na kuukabidhi kwa mkuu wangu wa shule. Nasubiri jibu lenu kupitia kwake.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa hisabati,
sekondari ya kata, Kanda ya Ziwa